Nguo ya kumvalisha mama anayekwenda mahakamani kwa kesi ya mirathi

Shangazi yangu wa Ujiji alipofiwa na mumewe, aliomba mahakama ya mwanzo imteue kuwa msimamizi wa mirathi. Shemeji zake wakaweka pingamizi. Mimi ndiye niliyemsindikiza, na jambo la kwanza tulilobishana lilikuwa nguo.

Yeye alishatenga kitenge chake cha Kongo, kizito, chenye maua ya dhahabu na mikono iliyosimama mabegani. Ni kitenge kizuri, na hapa Kigoma mama asiye na kitenge cha maana ni nadra. Nilikikataa kwa sababu ya aina ya kesi. Wanaopinga walikuwa wanalalamika kwamba mjane anatafuna mali ya marehemu. Ukiingia mbele yao unang'aa kama uko kwenye harusi, umewapa la kunong'ona kabla hujafungua mdomo. Hakimu anaamua kwa ushahidi, hilo nalijua, lakini ndugu waliojaa kwenye mabenchi wanahukumu kwa macho, na minong'ono yao humvuruga mtu anayejiandaa kujieleza.

Akasema basi avae gauni la kawaida na kujitanda kanga juu. Wazo zuri, ila kanga aliyoishika ilikuwa na jina "Hasidi hana sababu". Mama yeyote wa mwambao wa Ziwa Tanganyika anajua kanga inasomwa. Kwenye kesi ya ndugu, maneno hayo ni tusi kwa upande wa pili, hata kama wewe uliichukua tu kwa kuwa ilikuwa juu ya nyingine. Kabla ya kutoka, kunjua kanga yote usome. Kama jina lina kijembe, usijitande nayo mahakamani, jitande mtandio mtupu usio na maandishi, kama tulivyofanya sisi.

Tuliishia kwenye gauni la bluu iliyokolea, la kitambaa kisicho na mng'aro, mikono imepita kiwiko, urefu umefika kwenye kifundo cha mguu. Nikamjaribisha nalo palepale sebuleni. Nilimwambia, "Shangazi, inua mkono wa kulia kama unayekula kiapo." Watu wengi hujitazama kwenye kioo mikono ikiwa chini, kumbe mahakamani mkono unaweza kuinuliwa hadi juu ya bega mbele ya watu wote. Blauzi fupi hupanda ikaacha tumbo wazi, na mshono wa kwapa uliochoka huachia hapo hapo. Kisha nikamwambia akae, ainuke, ainame kama anayetia sahihi mezani. Shingo ya gauni iliachia kidogo alipoinama, tukaongeza pini ndani. Yeye huweka dole gumba badala ya sahihi, kwa hiyo nilitia kitambaa kikuukuu kwenye mkoba. Wino wa dole gumba ukishagusa mkono wa nguo nyeupe, hautoki kwa maji.

Pasi tulipiga jioni ya siku iliyotangulia. Kama unatumia pasi ya mkaa, kung'uta majivu nje, ipitishe kwanza kwenye kitambaa kichafu, halafu weka kitambaa chenye unyevu kidogo juu ya gauni ndipo upige. Kitambaa cheusi cha poliesta kikipigwa pasi moja kwa moja hubaki na alama zinazong'aa, na hizo hazifutiki.

Barabarani, udongo wetu mwekundu hauna huruma, masika kwa tope, kiangazi kwa vumbi. Shangazi alipanda bodaboda amejifunga kanga ile ile kiunoni, miguuni ndala, viatu vya kufunika vikiwa kwenye mfuko. Kabla ya kuingia getini alivua kanga, akaikunja maandishi yakiwa ndani, akabadili viatu. Chagua viatu vya kisigino kifupi, maana kusubiri kuitwa kunaweza kuchukua asubuhi nzima, na karani akiita jina lako hutaki kuingia unachechemea.

Kwa wanaume waliokuja kutoa ushahidi upande wetu, kazi ilikuwa nyepesi. Mzee mmoja alivaa kanzu na koti, mwingine kaunda suti, wote walipendeza. Kijana wa familia ndiye niliyemrudisha akabadili suruali ya mabakabaka ya kijeshi aliyoinunua mitumbani. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi, na mahali pabaya kuliko pote pa kukumbushwa hivyo ni mlangoni pa mahakama. Fulana ya chama nayo iachwe, na kapelo ivuliwe nje.

Jambo la mwisho ni kwamba kesi huahirishwa. Tuliporudi, gauni lilifuliwa siku hiyo hiyo, likaanikwa kivulini lisipauke, likatundikwa peke yake mbali na jikoni, maana moshi na harufu ya dagaa huganda kwenye kitambaa. Tarehe iliyofuata alivaa lile lile.