Kasi ya kutoroka Duniani: h ni ngapi?

"Nimeweka ½mv² = mgh nipate kasi ya kutoroka Duniani. Sasa h niweke ngapi? Na masi ya roketi mbona sijapewa?"

— mgh inafaa ukirusha jiwe juu ya mwembe. Ukienda mbali g inapungua, kwa hiyo weka ½mv² = GMm/R, M ikiwa masi ya Dunia na R nusu kipenyo chake. Hapo m inakatika pande zote, kokoto na roketi ni sawa tu. Inabaki v = √(2GM/R), na kwa kuwa GM = gR², ni v = √(2gR). Piga 2 × 9.8 × 6,370,000, tafuta kipeuo cha pili: kama mita 11,200 kwa sekunde. R iwe kwa mita! Mimi niliwahi kuweka kilomita nikapata 353, karibu na kasi ya sauti.

— Kumbe h ni R!

— Kwa namba tu. Kitu hicho hakisimami kwenye kimo cha R. Kinazidi kwenda, mwendo ukipungua.

— Mbona roketi kwenye TV zinaondoka taratibu?

— Injini bado inasukuma. Hesabu hii ni ya kitu kilichorushwa mara moja, tena bila hewa.