Bei ya Tunduma haijafika: niandike nini kwenye jedwali?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nipo Uyole, Mbeya. Kila Jumatatu na Alhamisi nakusanya bei za mazao kutoka masoko matano na kuwatumia wakulima wa chama chetu kwa meseji. Mawakala wengine wanachelewa, wengine kimya kabisa. Nimekuwa naweka sifuri, mwenzangu anasema niache wazi, mwingine anasema nirudie bei ya mwisho. Nifuate lipi? Natumia Excel.

Jibu: Marahaba. Rudia bei ya mwisho iliyo sahihi, lakini kila mtu aone kwamba imerudiwa na ni ya siku gani. Hilo la pili ndilo kazi yenyewe, na ndilo watu huliacha.

Chukua mahindi. Tuseme Alhamisi tarehe 4 Juni kilo moja ilikuwa shilingi 780 Mwanjelwa, 770 Uyole, 760 Mbalizi, 740 Makambako na 900 Tunduma. Wastani ni 790. Jumatatu tarehe 8 masoko manne yanaleta bei zilezile, Tunduma kimya. Ukiweka sifuri, wastani unakuwa 610, na mkulima anauza kwa hofu. Ukiacha wazi, wastani wa manne yaliyobaki ni 762.5. Hii ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inaaminika: meseji itasema bei imeshuka kwa shilingi 27.5, wakati hakuna soko hata moja lililoripoti kushuka. Kilichobadilika ni orodha ya masoko tu, lile la bei ya juu limetoka. Ukibeba ile 900 ya Alhamisi, wastani unabaki 790.

Sasa namna ya kubeba. Usichape 900 kwa mkono kwenye mstari wa tarehe 8. Ukifanya hivyo, Alhamisi inayofuata utainakili kutoka Jumatatu, na wiki ya tatu bado itaonekana ni bei ya juzi. Tenga shiti mbili. Ya kwanza iite `Ghafi`, na humo liingie tu lile wakala alilosema: A siku ya bei, B soko, C zao, D bei kwa kilo, E siku uliyopokea, F ukaguzi (`sawa` au `shaka`). Bei ya kubebwa isikanyage humo kamwe. Shiti ya pili ni ya taarifa: A tarehe, B soko, C zao, na H ukomo wa siku ambazo bei inaruhusiwa kubebwa. Safu za kati zijijaze zenyewe:

```
D2: =MAXIFS(Ghafi!A:A,Ghafi!B:B,B2,Ghafi!C:C,C2,Ghafi!F:F,"sawa",Ghafi!A:A,"<="&A2)
E2: =IF(D2=0,"",A2-D2)
F2: =IF(D2=0,"HAKUNA",IF(E2=0,"MPYA",IF(E2<=H2,"IMEBEBWA","HAKUNA")))
G2: =IF(F2="HAKUNA","",AVERAGEIFS(Ghafi!D:D,Ghafi!A:A,D2,Ghafi!B:B,B2,Ghafi!C:C,C2,Ghafi!F:F,"sawa"))
```

D inatafuta siku ya mwisho yenye bei iliyokaguliwa, E inahesabu umri wake, F inaweka alama, G inaleta bei. Kwa kuwa D inasoma `Ghafi` peke yake, umri unahesabiwa kutoka Alhamisi ile ya kweli hata ukibeba mara tatu mfululizo. `MAXIFS` ipo kuanzia Excel 2019, na Google Sheets pia inayo.

Ile safu ya ukaguzi usiione kama mapambo. Bei mbovu ikiingia siku moja ni kosa la siku moja. Ikibebwa inakaa wiki nzima. Wakala akikutumia bei ya debe ukaiingiza kama ya kilo, utaiona haraka. Viazi ndivyo vinavyosumbua, maana gunia la kawaida na lumbesa vyote huitwa "gunia" kwenye simu, na ukigawanya kwa uzito usio wake unapata bei inayoonekana ya kawaida kabisa. Bei ikiruka zaidi ya theluthi kutoka ya mwisho, andika `shaka` mpaka umpigie. Fomula itairuka na kushika ile ya kabla yake.

Ukomo wa siku uweke kwa zao na kwa msimu. Usinukuu namba ya mtu, ipime mwenyewe. Chukua miezi ambayo bei zote zilifika, jifanye bei ya siku fulani haikufika, weka iliyotangulia, uone umekosea kwa shilingi ngapi. Rudia kwa pengo la siku 4, 7 na 11. Pale kosa linapozidi kiasi ambacho mkulima angebadili uamuzi wake, ndipo pa kukata. Mahindi makavu ya ghalani huvumilia siku nyingi kuliko viazi mviringo, lakini mahindi hayohayo wakati wa mavuno, magari yanapoanza kumiminika sokoni, hayavumilii. Ningeanza na siku 7 kwa mahindi na 4 kwa viazi, kisha nirekebishe kwa kipimo hicho.

Kipimo hicho lakini kina tundu. Umekipima kwa siku ambazo wakala aliripoti. Siku anazonyamaza si siku za kawaida. Mvua ikiharibu barabara za Uporoto, viazi havifiki sokoni, mtandao unasumbua, wakala haonekani, na bei Mwanjelwa inapanda, yote kwa pamoja. Yaani bei ya kubebwa hukosea zaidi siku zilezile unapoihitaji. Dalili yake ni masoko jirani: kama Uyole na Mbalizi zimepanda kwa kiasi kikubwa na Mwanjelwa imebebwa, usiitume hata kama haijafika ukomo. Na kama wakala ameripoti kwamba zao halikuwepo sokoni, hiyo ni habari kamili, si pengo. Iandike hivyo kwenye taarifa, usiijaze kwa bei ya wiki jana.

Tuseme Jumatano Tunduma anatuma: "Jumatatu ilikuwa 860." Iingize `Ghafi` kwa siku ya bei tarehe 8, siku ya kupokea tarehe 10. Ukiiandika kama bei ya tarehe 10 umetengeneza bei ambayo haikuwepo. Papo hapo mstari wa tarehe 8 utageuka kuwa `MPYA` na wastani kuwa 782. Ni sawa, ila mkulima aliyesoma 790 atakuuliza. Kwa hiyo kila unapotuma, nakili taarifa hiyo kwenye shiti nyingine kwa kubandika thamani tu, bila fomula, uweze kuonyesha ulichotuma na ulichojua siku hiyo.

Kwenye mabadiliko ya bei, linganisha masoko yenye `MPYA` siku zote mbili peke yake. Soko lililobebwa daima litaonyesha badiliko la sifuri, na hiyo sifuri haikupimwa na mtu. Wastani nao uwe na sharti: mimi situmi wastani wa masoko matano kama zaidi ya mawili yamebebwa, natuma bei za masoko moja moja basi.

Alama yenyewe iwe ya maneno. Rangi ya njano kwenye seli inapotea ukinakili kwenda WhatsApp au ukichapa nyeusi na nyeupe. Meseji ya Jumatatu ile ingesomeka hivi:

```
MAHINDI kg, Jtt 8/6
Mwanjelwa 780
Uyole 770
Mbalizi 760
Makambako 740
Tunduma 900 (YA ALH 4/6)
Wastani 790, soko 1 kati ya 5 ni bei ya zamani
```