Kumweleza mteja wa zamani huduma mpya bila kumbana

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo. Wateja wananiletea ankara, risiti na taarifa za benki, nami nawarudishia hesabu za mwezi. Nilipoongeza huduma ya pili ya kulipia, yaani makadirio ya fedha ya wiki 13 zijazo, kuitengeneza hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni namna ya kuwaambia watu ambao tayari wananiamini. Mchuuzi asiyemjua, mteja anamkatalia bila kupepesa macho. Mimi ninayejua salio lake la benki ananionea haya. Anakubali kwa haya hizo hizo, analipa mwezi mmoja au miwili, kisha anaacha kimyakimya, na pengine anaondoka na ile kazi ya kwanza pia.

Lugha laini haiondoi tatizo hili. Mteja anabanwa pale ambapo kukataa kunamgharimu kitu: maelezo, aibu, au sehemu ya huduma aliyokuwa akiipata. Nilianza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalosahaulika. Wateja wangu walizoea kunipigia simu na kuniuliza kama mwezi ujao wataweza kununua mashine au kuajiri mtu. Kishawishi cha kwanza cha mwenye huduma mpya ni kuanza kukwepa maswali hayo ili mtu alazimike kununua. Nikajiandikia mpaka: swali linalojibika kwa vitabu vilivyo mezani kwangu tayari ni la huduma ya zamani, nitalijibu kama siku zote. Kazi inayodai jedwali jipya na kusasishwa kila wiki ndiyo ya huduma mpya. Na nikiona hatari ndani ya vitabu, namwambia mwenye navyo siku hiyo hiyo, awe amenunua au hajanunua. Kuficha onyo mpaka mtu alipe ni kumuuzia hofu.

Kisha nikachagua wa kumwambia. Anayeuza kwa fedha taslimu na kununua bidhaa kwa fedha taslimu hana kazi kubwa na jedwali la wiki 13, kwa hiyo kumtumia tangazo ni kumpigia kelele tu. Niliwatafuta wale ambao vitabu vyao vinaonyesha faida huku akaunti ikikauka wiki fulani za mwezi. Mmoja wao ana kiwanda kidogo cha uchapishaji. Wateja wake hulipa siku 60 baada ya ankara, naye karatasi anatakiwa kuzilipia ndani ya siku 14. Siku 46 katikati anazibeba kwa mfuko wake, na kadiri anavyopata kazi kubwa ndivyo mzigo unavyozidi.

Sikumwambia siku alipokuja kulalamika kwamba mishahara imekwama, maana mtu aliye taabani hana nafasi ya kuchagua. Sikuambatanisha na ankara yangu pia, maana angedhani ni sehemu ya deni. Nilingoja hesabu za mwezi zikabidhiwe na malipo yakamilike, nikamwandikia ujumbe. Wapo wanaosema ana kwa ana unauza zaidi. Ni kweli, na kwa mteja wa zamani hapo ndipo penye kasoro: akiwa mbele yako anadaiwa jibu papo hapo. Maandishi anayasoma peke yake, kwa wakati wake.

Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi:

“Habari za kazi, kaka. Kuanzia mwezi ujao nina huduma mpya: jedwali la wiki 13 linaloonyesha fedha zitakazoingia na kutoka kila wiki, nalisasisha kila Jumatatu. Nimekukumbuka kwa sababu wateja wako hulipa baada ya siku 60, na karatasi unalipia ndani ya siku 14. Ada yake ni nusu ya ile unayonilipa sasa kwa mwezi, na unaweza kusimamisha mwisho wa mwezi wowote. Kama unafuatilia haya mwenyewe, haitakuongezea mengi. Hesabu zako za mwezi zinaendelea kama kawaida kwa bei ile ile. Ukiihitaji niambie, usipoihitaji, huna haja ya kujibu.”

Bei imo ndani kwa makusudi. Ukiificha, unamlazimisha aulize, na akishauliza anajiona ameingia kwenye mazungumzo ambayo kutoka kwake kunahitaji sababu. Sentensi ya mwisho ndiyo inayowatia wenzangu wasiwasi zaidi. Wanasema inapoteza mauzo. Inayapoteza, lakini ni yale ya mtu ambaye angejibu ndiyo kwa kukosa namna ya kusema hapana.

Ukishaandika hivyo, ukimya ni jibu, usiufuatilie wiki ijayo na “ulipata ujumbe wangu?” Akijibu kwamba atafikiria, muulize hapo hapo kama angependa umkumbushe au umwache. Akitaka kukumbushwa, mkumbushe mara moja, basi. Nilichoongeza ni mstari mmoja kwenye orodha ya huduma ninayoituma kila mwaka, ili aliyenyamaza ajue mlango bado upo bila kuitwa kwa jina.

Mwezi wa bure unaogeuka wenyewe kuwa wa kulipia siutaki. Huo unategemea usahaulifu wa mteja. Badala yake nauza jedwali moja tu, bila kusasisha, kwa ada ya mara moja. Mchapishaji alilichukua hilo. Tuliweka kazi kubwa aliyokuwa ameipata: ankara kutoka mwisho wa wiki ya 1, karatasi kulipwa wiki ya 3, mishahara wiki ya 4 na ya 8, malipo ya mteja kuingia wiki ya 10. Salio la wiki ya 8 likawa chini ya sifuri. Kazi ilikuwa haijaanza, kwa hiyo akarudi kwa mteja wake kuomba malipo ya awali, akapata ya kutosha kuvuka. Huduma ya kila mwezi hakuichukua. Alisema ameshaona namna jedwali linavyojengwa na atajaribu kulitunza mwenyewe, nami nikamwachia faili lenye kanuni zake zote wazi.

Kujua kama umembana mtu, usihesabu waliokataa. Angalia namna wanavyokataa. Anayekuomba radhi kwa aya tatu na kukueleza matatizo ya nyumbani kwake alijiona anadaiwa. Anayeacha kukuuliza yale maswali madogo ya simu huenda anaogopa kila swali litageuka mauzo. Na yupo aliyekubali lakini halitumii: kila Jumatatu ninahitaji aniambie malipo gani yanatarajiwa, naye wiki mbili mfululizo hajibu. Huyo namwandikia mimi kwanza kwamba tusimamishe, na mwezi unaofuata simtozi.

Njia hii ni ya polepole. Kama unahitaji fedha mwezi huu, haitakuokoa. Wala haifai pale ambapo mteja hana hiari, kwa mfano unapoifunga huduma ya zamani na kubaki na mpya iliyo ghali zaidi. Hayo ni mabadiliko ya bei. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, mpe tarehe na muda wa kutosha wa kutafuta mtu mwingine, na umkabidhi vitabu vyake vikiwa kamili.