Vidonge vya chai ya kijani si vikombe vya chai

Katika kazi yangu ya ufamasia huulizwa mara kwa mara: ikiwa chai ya kijani hunywewa na watu wengi bila madhara, vidonge vyake vitadhuruje ini? Jibu limo katika kiasi cha EGCG, kemikali ambayo ndiyo nyingi zaidi miongoni mwa katekini, yaani viambato vya asili vya majani hayo.

Kikombe cha kawaida huwa na takriban miligramu 50 hadi 100 za EGCG, nazo huingia mwilini polepole, pamoja na maji mengi. Mama mmoja aliyekuwa akitumia vidonge vya kupunguza uzito aliniletea chupa yake, nami nikamwomba tuisome pamoja. Kila kidonge kilikuwa na miligramu 500 za dondoo, na asilimia 50 yake ilikuwa EGCG, yaani miligramu 250. Kwa vidonge 4 kwa siku alikuwa akimeza miligramu 1,000, tena asubuhi kabla ya kula, wakati ambapo EGCG hufyonzwa kwa wingi zaidi. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba virutubisho vyenye miligramu 800 au zaidi kwa siku vinahusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini katika damu, ishara kwamba ini linaumia. Kukaa chini ya kiwango hicho, kwa maoni yangu, kusichukuliwe kuwa kinga, kwa sababu wapo walioumia kwa dozi ndogo zaidi.

Mama huyo alikuwa na uchovu usioelezeka, hamu ya kula imepotea, na mkojo umekuwa mweusi. Nilimshauri aviache siku ileile na aende hospitali, ambako ALT yake, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo vya ini, ilikutwa juu sana na vipimo vya virusi vya homa ya ini havikuonyesha kitu. Alikuwa amevitumia kwa miezi kadhaa, na ndivyo ilivyo kwa wengi: dalili huchelewa, kwa hiyo mgonjwa hahisi kwamba kidonge alichokizoea ndicho chanzo.

Madhara haya ni nadra, na wengi wanaomeza vidonge hivi hawapati lolote. Sehemu ya sababu ni ya kurithi, kwani aina ya jeni iitwayo HLA-B*35:01 imeonekana kwa wingi usio wa kawaida miongoni mwa walioathirika, lakini mtu hawezi kujua kwa kujitazama kama anayo.

Macho yakigeuka manjano, ngozi ikiwasha au mkojo ukiwa mweusi, acha vidonge mara moja, upimwe ini, na umpelekee daktari chupa yenyewe, kwa maana wagonjwa wengi hawavitaji wakiulizwa kuhusu dawa. Ini kwa kawaida hupona vikiachwa, ingawa wachache wamefikia kupandikizwa ini jingine. Aliyepona asivijaribu tena hata kwa dozi ndogo, kwa kuwa ugonjwa unaweza kurudi kwa kasi kuliko mara ya kwanza.