Fyuzi inaungua kila nikibonyeza honi

"Pikipiki ya volti 12. Nikibonyeza honi fyuzi inaungua, na indiketa zinazima nayo. Nimeweka flasha mpya, bado. Nianzie wapi?"

Habari ndugu. Flasha iache kwanza. Ikifa, indiketa hugoma kuwaka au huganda bila kupepesa, ila ni nadra kuunguza fyuzi. Hapo indiketa zimezima kwa sababu zinatumia fyuzi moja na honi. Na usizibe kwa kipande cha waya, utaunguza nyaya zote.

Chukua balbu ya wati 21, iunge nyaya mbili, uziweke mahali pa fyuzi. Sasa shoti itawasha balbu badala ya kula fyuzi nyingine. Fungua swichi. Balbu ikiwaka hafifu si tatizo, ni mzigo wa kawaida. Bonyeza honi: ikiwaka kwa nguvu zote, chomoa nyaya zote mbili za honi, zisiguse chuma, ubonyeze tena.

Ikiacha kuwaka kwa nguvu, honi yenyewe imeshoti ndani. Ikiendelea, waya kati ya kitufe na honi unagusa bodi. Zungusha usukani taratibu huku umebonyeza. Mwanga ukichezacheza, fungua nyaya pale shingoni, ndipo zinapokatikia plastiki.

Ukishatengeneza, honi inaweza kulia kinyonge au isilie kabisa kwa sababu balbu inakula sehemu ya umeme. Itoe, rudisha fyuzi ya ampea zilezile.

Indiketa zikigoma bado, unga miguu miwili ya flasha, B na L, kwa waya mfupi. Zikiwaka bila kupepesa, flasha ndiyo mbovu, hata kama ni mpya.