Ukurasa wa "Hakuna matokeo" kwenye simu ndogo

"Wateja wangu wa Gikomba wakitafuta kitu kwenye programu ya duka wanapata 'Hakuna matokeo', kisha wanatoka. Nifanyeje?"

Ndugu, angalia vichujio kwanza, yaani masharti kama bei ambayo mteja huchagua ili kupunguza orodha. Kwenye skrini ndogo hujificha nyuma ya kitufe, kwa hiyo mteja aliyechagua "Chini ya 500" asubuhi husahau. Jioni anatafuta sufuria, anapata sifuri, anaamini huuzi sufuria kabisa!

Acha neno lake libaki kisandukuni. Chini yake weka kitufe: "Ondoa 'Chini ya 500', uone sufuria 14". Hesabu hiyo itoke kwenye hifadhidata, isiwe ya kubahatisha. Ikibaki sifuri hata bila kichujio, ndipo ushuku tahajia: aliyeandika "sufria" mpendekezee "sufuria". Mapendekezo manne yatosha, maana kibodi hufunika karibu nusu ya skrini.