Shangazi aligeuzwa mwanamume

Swali la wiki: "Waandaaji wa makongamano wanataka wasifu wa sentensi tatu, ulioandikwa kana kwamba unaelezwa na mtu mwingine. Je, sentensi tatu zinamtosha mtu?"

Hazimtoshi. Shangazi yangu ameshika sindano ya kofia tangu 1991, leo mtu amkate awe sentensi tatu?

Lakini kilichoniuma zaidi ni nani anausoma huo wasifu, na anausomaje. Alipoalikwa kuzungumza kwenye kongamano pale Ngomeni, mwandishi nilikuwa mimi. Niliandika mistari 14: mafunzo aliyohudhuria, vikundi, vyeti, uzoefu wa "miaka 20" niliounakili kwenye karatasi ya zamani. Mshereheshaji, kijana wa bara, akaanza kusoma. Mstari wa tano akaangalia saa, wa sita akaruka, akamalizia, "na mengineyo mengi, karibu." Neno kofia lilikuwa mstari wa tisa. Waliokuwa nyuma walidhani amekuja kuzungumzia vyama vya akiba.

Kijitabu cha kongamano nacho! Kiswahili chetu "a-" ni ya mume na mke. Aliyetafsiri kwa Kiingereza hamjui shangazi, wala mahali popote sikuandika "Bi." wala "mama", basi akamfanya mwanamume kuanzia mwanzo hadi mwisho. Shangazi alisomewa, akajifunika buibui kwa kicheko: "Mwanangu, nimeota ndevu lini?" Mimi sikucheka. Kosa lilikuwa langu.

Mwaka uliofuata nilikaa naye barazani tukaandika upya. Jina halisi nalificha:

"Bi. Fulani ni mshonaji wa kofia za vito, mtaa wa Langoni, Lamu. Tangu 1991 ameshona kwa mkono kofia za maharusi, na amewafunza wasichana 12 wa mtaani kwake. Katika mazungumzo haya anaeleza kwa nini kofia moja humla miezi mitatu, na mnunuzi bado hulia bei."

Ya kwanza inamtaja yeye na kazi yake, ili mshereheshaji akikatiza hapo, ukumbi uwe umeshajua. Ya pili ni ushahidi, tena "tangu 1991" haichachi, tofauti na "miaka 20" inayotaka kurekebishwa kila mwaka. Ya tatu inamkabidhi kipaza sauti. Niliusoma wasifu wote kwa sauti mara mbili. Pumzi ilipokatika, nilipunguza neno. Vyeti vyote vikatoka. Shangazi alinung'unikia kimoja tu, nami nikakirudisha kwenye barua tuliyowaandikia waandaaji, si kwenye wasifu.

Kwa hiyo sijui tena kama naweza kusema hazitoshi. Kwa ukumbi zilitosha, naona. Kwa mtu mwenye kazi tatu zisizofanana sina hakika, labda achague ile inayohusu siku hiyo na nyingine aziache nyumbani. Na shangazi hadi leo anaona aibu kusimama huku akisifiwa kwa maneno tuliyoyatunga wenyewe barazani. Hilo sijampatia jibu.

Msomaji, Lamu